Kwa nini pesa niliyotoa bado "Pending"?

"Nimetoa laki mbili kwenye kasino ya mtandaoni tangu jana, bado imeandikwa Pending, na pembeni kuna Cancel. Kwa nini?"

– Hawana hela hao, wezi tu.

– Si lazima. Mimi nilikuwa huduma kwa wateja kwenye kasino ya mtandaoni. Wanakagua kitambulisho, jina la laini au akaunti, na kama umetimiza masharti ya bonasi. Wakati huo hela haijatoka kwao. Ukibonyeza Cancel inarudi kwenye salio papo hapo, bila ukaguzi wowote. Kutoa siku mbili, kurudisha sekunde moja. Si bahati mbaya hiyo, na Uingereza walipiga marufuku kughairi kwa namna hiyo mwaka 2021.

Waandikie sasa hivi wafunge ombi lako lisiweze kughairiwa. Si wote wanakubali. Kisha toka kwenye akaunti, futa programu, usiingie "kuangalia tu". Mara nyingine toa Jumatatu asubuhi, maana ombi la Ijumaa usiku hulala wikendi nzima.

– Mimi nilighairi nusu tu, nusu ikaingia.

– Na ile nusu nyingine?

– Ilikwenda usiku uleule.