"Profesa Amesema": Kwa Mnaoanza Kazi Kwenye Vizimba vya Sato

Wengi wenu mnaokuja kufanya kazi kwenye vizimba upande huu wa Mwanza mmetoka chuoni mkiwa mmefundishwa kumheshimu aliyewatangulia kwa elimu na kwa umri, na sina nia ya kuiondoa heshima hiyo. Nataka niwaeleze jinsi ilivyotugharimu samaki asubuhi moja, kwa sababu katika kazi hii mtaegemea kauli za wataalamu kila siku, na mara nyingi mtakuwa sahihi kufanya hivyo. Hakuna kati yetu anayeweza kuthibitisha mwenyewe kila anachokijua kuhusu chakula cha samaki, dawa au maji. Tatizo liko katika namna ya kuegemea.

Siku hiyo mlinzi alinipigia simu kabla ya jua kuchomoza akisema samaki wanahema juu. Usiku kucha ulivuma upepo mkali. Nilipofika na mtumbwi, sato walikuwa wamejaa juu ya maji kwenye kizimba cha nje, midomo wazi, na waliokwisha kufa walikuwa wamelala ubavu, wengi wao wakiwa wale wakubwa. Msimamizi wangu wa wakati huo alipiga picha, akaituma kwa profesa mmoja aliyekuwa akimfahamu, kisha baada ya nusu saa akaja na hukumu: "Profesa amesema ni bakteria. Tuchanganye dawa kwenye chakula, tuwalishe leo hii." Mimi nilikuwa bado mgeni. Nilisema kwamba labda tupime oksijeni kwanza. Nikajibiwa, "Wewe na profesa, nani anajua samaki?" Nikanyamaza.

Sikunyamazishwa na ushahidi, kwa kuwa hakuna ushahidi wowote uliotolewa. Nilinyamazishwa na haya, yaani aibu ya kumpinga mkubwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alipoieleza aina hii ya hoja aliipa jina la Kilatini lenye neno linalomaanisha haya hasa. Alikuwa akizungumzia mtu anayetaja jina kubwa ili mwenzake aone kwamba kupinga ni utovu wa adabu, kisha akakubali kwa kuogopa kuonekana mwenye kiburi. Kwetu ambako kijana humwamkia mkubwa "shikamoo" kabla ya kusema lolote, mtego huo unanasa haraka zaidi. Ndiyo maana alama ya kwanza ninayowataka muitafute si cheo cha anayetajwa, bali kazi ambayo jina lake linafanyishwa katika mazungumzo. Likitajwa ili swali lijibiwe, mko salama kiasi. Likitajwa ili swali lisiulizwe, simameni hapo.

Tuliwalisha. Samaki wachache walikula, na samaki anayemeng'enya chakula huhitaji oksijeni zaidi, kwa hiyo tulikuwa tunawaongezea mzigo walioshindwa kuubeba. Mchana mwenzangu alileta mita ya kupimia oksijeni kutoka kizimba cha jirani, tukapima: mita moja chini ya uso wa maji tulipata miligramu 1.6 kwa lita, na kwenye mita tano tulipata 0.7. Sato ni mvumilivu, anaweza kustahimili maji mabaya kwa saa chache ambako sangara angekufa upesi, lakini si kwa kiwango hicho huku amebanwa ndani ya wavu asiweze kukimbia. Yalikuwa ni maji ya chini ya ziwa, yasiyo na hewa ya kutosha, ambayo upepo ulikuwa umeyasukuma mpaka juu. Katika kizimba kile kimoja tulihesabu zaidi ya samaki 3,000 waliokufa.

Wiki mbili baadaye nilipata ujasiri wa kumpigia profesa mwenyewe. Nilimwamkia, nikamweleza, naye akashangaa. Alisema maneno yake yalikuwa haya: "Kwa picha peke yake siwezi kusema, inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa maji, pimeni oksijeni na mpeleke sampuli maabara." Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye ni mtu wa jenetiki, anajua kuchagua wazazi wa vifaranga, na magonjwa ni shughuli ya wengine. Kwa hiyo kosa lilikuwa na tabaka mbili. Kwanza, utaalamu wake wa kweli haukuwa katika jambo lililoulizwa, ingawa neno "samaki" lilifanya ionekane kwamba umo. Pili, hakuwahi kusema alichosemeshwa. "Inaweza kuwa" ilipita kwenye mdomo mmoja tu ikawa "ni". Tangu hapo, mtu akiniambia fulani amesema, naomba nisikie sauti au nisome ujumbe wenyewe, na nimeona kwamba wataalamu wazuri karibu kila mara husema kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ya kwanza kudondoka njiani.

Sasa kuna upande ambao vijana huusahau kwa urahisi. Mlinzi wetu, mzee mzaliwa wa Ukerewe ambaye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, alisema alfajiri ile ile, "Maji yamegeuka." Alitaja harufu ya tope, rangi iliyobadilika upande wa nje, na furu wadogo waliokuwa wakihema kwenye mawe ya ufukweni, mbali na vizimba. Hakuna aliyemsikiliza kwa kuwa hakuwa na cheti. Lakini katika jambo lile mtaalamu aliyekuwapo alikuwa yeye: ameyatazama maji ya ghuba ile kwa miaka mingi, ameyaona yakigeuka mara nyingi, na alichokisema kingeweza kuhakikiwa kwa kutembea hatua mia moja mpaka kwenye mawe. Furu wa porini wakihema pamoja na sato wa kizimbani ni dalili nzito kwamba tatizo limo ndani ya maji, kwa sababu ugonjwa ulioanzia kwenye msongamano wa kizimba usingewapata wote kwa usiku mmoja. Hata hivyo, mzee huyo huyo alipoulizwa sababu, alisema ni radi iliyopiga ziwani. Hapo nilimshukuru nikaenda kupima. Kumwamini mtu katika kile alichokiona hakukulazimishi kumwamini katika kila anachokieleza, na hilo linamhusu mlinzi kama linavyomhusu profesa.

Jambo la mwisho ninalotaka kulikalia ni gumu zaidi, kwa kuwa humo hakuna aliyekosea utaalamu wala aliyepotosha kauli. Baada ya hasara ile tulinunua mita yetu, na kanuni ya kwetu ikawa kwamba oksijeni ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita hatulishi. Mita ile ilitakiwa iwekwe sawa kwanza kwa maji yaliyojaa hewa. Kijana mmoja alifungua jedwali kwenye kitabu, akakuta kwamba maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 25 hushika miligramu 8.3 kwa lita, akaiweka mita kwenye namba hiyo. Nilipomuuliza, alijibu kwamba wenzake wawili kwenye mashamba mengine nao wanatumia 8.3, kwa hiyo watu watatu na kitabu wanakubaliana.

Jedwali lile lilikuwa sahihi. Lilikuwa sahihi kwa usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa huku juu hewa ina mgandamizo mdogo zaidi, maji ya nyuzi 25 yaliyojaa hewa hushika takriban miligramu 7.2 tu. Mita iliyowekwa kwenye 8.3 mahali panapostahili 7.2 husoma zaidi kwa karibu asilimia 15. Asubuhi ikisoma 4.4, kijana anaona amevuka 4, anawalisha, kumbe kilichomo majini ni kama 3.8. Ukurasa uliotangulia jedwali ulikuwa umeandika wazi kwamba namba ni za usawa wa bahari na kwamba kuna kirekebishi cha mwinuko. Mamlaka ya kitabu iliishia pale masharti yake yalipoishia, na sisi tuliendelea kuitumia baada ya mpaka. (Mita nyingi za siku hizi hupima mgandamizo zenyewe. Msidhani, someni maelekezo yake.)

Na wale watu watatu? Walikuwa mtu mmoja. Wote walisoma jedwali hilo hilo. Makubaliano ya wataalamu ni ushahidi mzito pale tu kila mmoja anapokuwa ameangalia kwa macho yake. Sayansi yenyewe imewahi kuteleza hapa: mwaka 1923 Theophilus Painter, mtafiti aliyeheshimika wa Marekani, alitoa hesabu ya kromosomu za binadamu iliyokuja kukubalika kuwa 48, na kwa miaka zaidi ya thelathini namba hiyo ilirudiwa kwenye vitabu. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walitangaza, kwa picha zilizokuwa wazi kuliko za zamani, kwamba ni 46. Msielewe kwamba wataalamu hawaaminiki. Waliomsahihisha Painter walikuwa wataalamu vilevile, na walimsahihisha kwa kuhesabu upya, si kwa kuwa na jina kubwa kuliko lake.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona vijana wakitoka kwenye mtego mmoja wakaingia mwingine. Anakuja muuza chakula cha samaki, anaeleza kwamba sato wadogo wanahitaji protini nyingi kuliko wakubwa, na kijana anamjibu, "Wewe unauza, ndiyo maana unasema." Ni kweli anauza, na ni sababu nzuri ya kutafuta mtu wa pili asiyeuza. Lakini alichokisema ni sahihi, na maslahi yake hayakigeuzi kuwa uongo. Kumkataa mtu kwa sababu ya alivyo, pasipo kukagua alichosema, ni kosa lile lile lililogeuzwa kichwa chini.

Kwenye daftari letu la kila siku, pembeni ya safu za joto, oksijeni na kilo za chakula, sasa kuna safu ya ushauri. Humo mtaandika jina la aliyeshauri, maneno yake kama alivyoyasema pamoja na "labda" zake zote, na kama aliliona tatizo mwenyewe au alisimuliwa. Alfajiri ile, kama safu hiyo ingekuwapo, mbele ya jina la profesa pangeandikwa "picha ya simu", na mbele ya jina la mlinzi pangeandikwa "yuko hapa tangu saa tisa usiku".