Mwandiko wa binti yangu, darasa la pili

"Wakuu, nimeweka picha ya daftari la binti yangu, kazi ya nyumbani ya jana. Mwandiko hausomeki. Nianzie wapi bila kumchosha?"

Mkuu, nimeikuza picha. Nafasi kati ya maneno si mbaya, ila tazama mstari wa tatu: "baba" inasomeka "bubu". Herufi a zake zote ziko wazi juu, na d pia. Anza na hilo tu, mengine yasubiri.

Kaa pembeni umwangalie akiandika a. Nahisi anaanzia kushoto, ndiyo maana duara halifungi. Inatakiwa aanzie juu kulia, azunguke kushoto kama anaandika c, apande mpaka aguse alipoanzia, kisha ashuke hadi kwenye mstari bila kuinua penseli. Herufi a, d, g na o zote huanza na c hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila siku dakika kumi, zisizidi: mstari mmoja wa c, mmoja wa c anazozifunga kuwa a, halafu maneno mawili matatu kama "dada" na "gogo". Akimaliza, yeye mwenyewe azungushie a iliyo nzuri kuliko zote. Usimfutishe zilizoharibika, karatasi yake tayari imechubuka kwa raba.

Akilalamika mkono unauma, angalia kama anabana sana penseli. Na kama anainamia daftari mno, mpeleke akapimwe macho kwanza.