Mkalimani alikuwa shemeji yake: niliyoyaandika kwenye faili, na niliyopaswa kuandika

*"Wakuu, napokea wagonjwa wanaozungumza Kimaasai tu, na mara nyingi anayenitafsiria ni ndugu aliyemleta mgonjwa. Je, kwenye faili inatosha kuandika 'mkalimani alikuwepo', au kuna zaidi ya hapo?"*

Haitoshi, kwa sababu anayelisoma faili baada yako hatajua maneno yaliyomo yametoka kinywani mwa nani.

Nikiwa afisa tabibu katika kituo cha afya kimoja cha kaskazini mwa Tanzania, nilimpokea mwanamke wa umri wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa na maumivu ya tumbo chini ya kitovu, upande wa kulia. Aliyetafsiri alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume. Nilipouliza kuhusu hedhi, kijana huyo hakumgeukia shemeji yake hata kidogo, bali alinijibu hapo hapo kwamba iko sawa. Nami nikaandika: "Mgonjwa anasema hedhi ni ya kawaida, hana ujauzito." Mwenzangu wa zamu ya mchana alilisoma faili, akaliamini, akaendelea na dawa za maambukizi ya njia ya mkojo.

Jioni mgonjwa alianza kulalamika bega na kuhisi kizunguzungu kila alipoinuka. Mhudumu wa afya wa wodi ya wazazi, mama anayekijua Kimaasai tangu utotoni, aliketi naye peke yao, na ndani ya dakika chache tukajua kwamba hakuwa ameona hedhi kwa takribani wiki saba. Kipimo cha mimba cha mkojo kilisoma chanya, na tukampa rufaa ya haraka kwa kushuku mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo ndiyo aliyofanyiwa upasuaji usiku huo. Kipimo hicho nilipaswa kukifanya asubuhi, tafsiri iwe nzuri au mbaya. Hilo ni kosa langu jingine. Lakini sentensi yangu ndiyo iliyomfunga macho mwenzangu, kwa kuwa ilimsemesha mgonjwa neno ambalo hakulisema.

Tangu siku ile, naanza maelezo kwa mistari michache ya namna hii, juu kabisa, kabla ya malalamiko ya mgonjwa:

"Saa 12:40 jioni. Mgonjwa anazungumza Kimaasai. Kiswahili anaelewa salamu tu. Mkalimani ni mhudumu wa afya wa wodi ya wazazi (jina kamili), ana kwa ana. Mgonjwa amemkubali. Shemeji ameombwa kusubiri nje. Historia na maelezo ya rufaa vimepitia kwa mkalimani. Uchunguzi wa tumbo umefanyika mkalimani akiwepo nyuma ya pazia."

Ikiwa hakuna mwingine ila ndugu, andika uhusiano wake, andika kwamba ulimtafuta mfanyakazi ukamkosa, na utaje maswali ambayo hukuyauliza kwa sababu yake. Andika pia ulichokiona: swali refu lililojibiwa kwa neno moja, jibu lililokuja kabla mgonjwa hajafungua mdomo, au mazungumzo ya dakika mbili kati yao yaliyokufikia kama "anasema hapana". Pale ambapo jibu ni la ndugu, usiandike "mgonjwa anasema"; andika "shemeji anasema". Kama mkalimani alikuwa kwenye simu, litaje hilo, kwa kuwa hakuona mgonjwa alikuwa akigusa wapi.

Jambo moja husahaulika: mafaili yetu tunayaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo neno la mgonjwa hutafsiriwa mara mbili, na mara ya pili mtafsiri ni wewe mwenyewe. Mama yule alitafsiri "anatoka damu kidogo kama maji ya kahawa". Nililinukuu hivyo hivyo kwa Kiswahili, ndipo nikaweka istilahi ya kitabibu pembeni, ili daktari wa hospitali ya rufaa aone nilikoitoa.

Kwenye fomu ya ridhaa, mgonjwa huweka dole gumba, na mkalimani husaini sehemu yake akieleza kwamba ametafsiri maelezo yote kwa lugha fulani. Saini hiyo si ridhaa kwa niaba ya mgonjwa. Mwombe mgonjwa arudie alichoelewa, kisha uandike alichorudia. Wa kwangu alisema: "Mimba imekaa pasipo pake, inaweza kupasuka, watanipasua waitoe." Nadhani sentensi hiyo ina uzito kuliko "ameelezwa na ameelewa".

Maandishi yangu ya asubuhi sikuyafuta wala kuyachana. Chini yake niliongeza, kwa tarehe, saa na saini: "Maelezo ya hedhi ya saa 3 asubuhi yalitolewa na shemeji bila mgonjwa kuulizwa. Yasitegemewe. Tazama ya saa 12:40 jioni."