Jibu: Barua ya kuomba ofisi inilipie kozi

"Ni mhasibu msaidizi, nataka kampuni inilipie kozi ya kodi. Niandikeje isionekane najiombea mimi tu?"

Ndugu yangu, anza na gharama ambayo ofisi inaibeba sasa, kozi ije baadaye. Barua yangu ya kwanza ilisema "nataka kuongeza ujuzi", ikalala kwenye faili. Ya pili nilifukua kwanza ankara za mshauri wa nje aliyekuwa akituandalia ritani za kodi ya ongezeko la thamani, nikaandika hivi:

"Kwa heshima, naomba ofisi ifikirie kunigharamia ada ya kozi ya kodi, Sh 900,000. Kwa sasa tunamlipa mshauri Sh 300,000 kila mwezi kwa ajili ya ritani. Nikihitimu nitaziandaa mwenyewe, na ada itakuwa imerudi ndani ya miezi 3. Masomo ni Jumamosi, hayatagusa saa za kazi."

Nikaambatanisha ratiba na profoma ya chuo, maana bila profoma mhasibu mkuu hana cha kupitisha.

Bosi anaogopa usome kisha uhame. Jitolee mwenyewe kusaini mkataba wa kubaki mwaka 1, ila hakikisha umeandikwa kwamba deni la ada utakalodaiwa ukihama mapema linapungua kila mwezi unaofanya kazi. Wangu mwanzoni haukuwa na kipengele hicho, nikakiomba kabla ya kusaini.