Kuomba Mungu bila kanisa

"Naamini Mungu na naomba kila asubuhi, lakini kanisa niliacha. Mama hapa Kisumu anasema nimepotea. Ni kweli?"

Ndugu yangu, sioni kama umepotea. Wengi wa aina yako hawajamwacha Mungu. Wamechoka na michango na siasa za viongozi. Ukiomba peke yako, unauliza maswali bila kumwogopa mchungaji.

Ila mama huenda anawaza matanga. Kwetu, jumuiya ndiyo hukesha, hupika na kuchanga, na baadhi ya makanisa hukataa kuongoza mazishi ya mtu asiyehudhuria. Muulize kama ndilo linalomsumbua. Kama ndilo, jiunge na chama cha mazishi cha ukoo, na uwe unafika matanga ya wenzako. Chama hakitakukosoa unapokosea, kwa hiyo tafuta pia mzee unayemheshimu.