Kizunguzungu cha papa
"Papa anazunguka tangu jana, macho inacheza. Ni sikio ao ubongo?"

Pole. Aliyesema macho yakicheza ni sikio tu amepata nusu. Muganga amwambie papa akaze macho kwenye pua ya muganga, kisha amgeuze kichwa ghafula, kidogo tu. Macho yakifuata kichwa halafu yakaruka kurudi puani, mara nyingi ni sikio la upande kichwa kilipogeuzwa. Yakibaki puani bila kuruka, na bado anazunguka, hapo ndipo naogopa shina la ubongo. Vilevile yakicheza kulia akitazama kulia, kushoto akitazama kushoto. Mpeleke leo, hata kama mko mtaa wa Himbi, Goma. Usimjaribu nyumbani, shingo ya mzee hiyo.

Kizunguzungu kinachokuja tu mtu akigeuka kitandani, kipimo hiki si chake.