Abakaviri: ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja, majibu mawili tofauti

"Wakuu, nataka kubadilishiwa dawa za VVU niwekwe kwenye abakaviri. Nimesoma kuna aleji yake mbaya na kuna kipimo cha jeni, ila nimeambiwa hiyo aleji ni ya wazungu, sisi weusi haituhusu. Ni kweli dawa inachagua rangi? Na hicho kipimo kinaongeza nini?"

Mkuu, mimi ni mfamasia, nimekaa dirisha la dawa kwenye kliniki ya VVU miaka mingi, na hayo maneno uliyoambiwa nimeyaona yakimpeleka mtu pabaya, kwa hiyo nitaanza na huyo.

Alikuwa kijana wa thelathini na kitu, mweusi kama mimi. Figo zilikuwa zimemsumbua kidogo, daktari akaona tenofoviri haimfai akamuanzishia kidonge kile chenye abakaviri, lamivudini na dolutegraviri pamoja. Wiki ya kwanza hakuna shida. Siku ya tisa homa, siku ya kumi vipele na kutapika, mwili umechoka hadi kunyanyuka kitandani ni kazi. Akaenda kituo kimoja cha jirani, malaria wakapima hakuna, wakampa panadol, akauliza "au ni hizi dawa?" akajibiwa hivyohivyo ulivyojibiwa wewe, kwamba hiyo ni ya wazungu, endelea kumeza. Akaendelea. Siku ya kumi na mbili akafika dirishani kwangu, na swali lililonifungua macho ni moja tu: ukimeza dozi, saa chache baadaye unakuaje? Akasema kila dozi inazidi ya jana, asubuhi kabla ya kumeza anakuwa na nafuu kidogo alafu akimeza tu homa inapanda upya.

Hiyo ndo sura yake. Aleji ya abakaviri kwa kawaida inakuja ndani ya wiki sita za mwanzo, wengi ndani ya wiki mbili, na haiji na dalili moja, inaunganisha homa, vipele, tumbo kuvurugika, uchovu mkali, wakati mwingine kikohozi au kubanwa na kifua, na inapanda kwa kila dozi. Tulimsimamisha siku ileile, daktari wetu akabadilisha mpango mzima wa dawa, na ndani ya siku tatu alikuwa anakula. Tukachukua damu kwenye ile chupa ya kifuniko cha zambarau ikaenda maabara ya nje, jibu likarudi: HLA-B*57:01 chanya, yani anabeba ile aina ya jeni inayohusishwa na aleji hii.

Sasa sikiliza sehemu inayojibu swali lako. Huyu kijana ana mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, naye alikuwa anahitaji dawa hiyohiyo. Kwa sababu ya yaliyompata kaka tukampima kabla ya kumpa. Hasi. Akaanzishiwa abakaviri na mpaka leo anaitumia bila shida yoyote. Rangi moja, kabila moja, wamelala chumba kimoja utoto wote, na dawa iliyomwangusha mmoja inamfaa mwingine. Maelezo yake ni kwamba hizi jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya sita, kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba moja kutoka kwa mama, na mzazi akiwa na 57:01 kwenye nakala moja basi kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kaka aliipata, mdogo hakuipata, na nakala moja tu inatosha kuleta balaa.

Kwa nini basi watu wanasema ni ya wazungu? Hawajaitoa hewani. Kwenye watu wenye asili ya Ulaya, kama asilimia 5 hadi 8 hivi wanabeba hiyo aina, na utafiti mwingi wa mwanzo ulifanyika kwao. Yani ni hesabu ya kundi, ikageuzwa ikawa sheria ya mtu mmoja mmoja. Lakini wewe huna asilimia nane ya jeni mkuu, wewe unayo au huna. Na hilo kundi lenyewe linaloitwa "weusi" likichunguzwa linasambaratika mkononi: kwenye sampuli zilizochukuliwa, Wayoruba wa Naijeria walitoka sifuri, Waluhya wa Kenya kama asilimia 3, na Wamasai wa Kenya kama asilimia 13. Nchi moja, Kenya, watu ambao fomu ya hospitali ingewaandika neno moja, na mmojawapo anawazidi hata hao wazungu. Sampuli hazikuwa kubwa kwa hiyo usizikariri kama namba takatifu, ila tofauti yenyewe ni kubwa mno kuipuuza. Ukimwambia Mmasai "haikuhusu" kwa kuangalia ngozi yake umekosea vibaya.

Kuna jambo lingine liliwachanganya hata wataalamu. Uhusiano wa hii jeni na abakaviri ulitangazwa 2002 na watafiti wa Perth, Australia, na baadae wagonjwa weusi wa Marekani walioandikiwa kwamba wamepata aleji walipopimwa, wengi hawakuwa na 57:01. Watu wakahitimisha kwamba kipimo hakifanyi kazi kwa weusi. Jibu lilikuja 2008 na utafiti ulioitwa SHAPE. Waligundua tatizo liko kwenye hiyo "aleji" yenyewe, maana homa na vipele vinaletwa na mambo mia, kuna mafua, kuna dawa nyingine anazomeza, na daktari mwenye hofu anaandika aleji ya abakaviri akasimamisha. Kwa hiyo wakatumia kipimo cha kubandika dawa kwenye ngozi ya mgonjwa ili kuona kama kinga yake kweli inaikataa abakaviri. Kati ya walioandikiwa aleji kwa kuangalia dalili tu, wenye 57:01 walikuwa asilimia 44 ya wazungu na 14 ya weusi. Lakini walipobaki wale tu ambao ngozi ilithibitisha, wazungu 42 kati ya 42 walikuwa nayo, na weusi 5 kati ya 5 walikuwa nayo. Watano ni wachache, nakubali, ila hakukosekana hata mmoja. Aleji ya kweli ilifuata jeni kwa pande zote mbili, rangi ilikuwa inabadilisha tu ni wangapi wanaibeba.

Na hapo ndo hiyo elimu ya jeni na dawa, famakojenomiki, inapoongeza kitu ambacho takwimu za rangi haziwezi kukupa: inakwambia kinachotokea mwilini. Protini ya HLA-B kazi yake ni kubeba vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvionyesha juu yake, askari wa kinga wakipita wanakagua, wakiona cha kwao wanapita. Ile protini ina kama kishimo ambamo hivyo vipande vinakaa. Abakaviri inaingia chini ya kishimo cha 57:01 na kukaa humo, umbo linabadilika, kwa hiyo vipande vinavyoonyeshwa vinakuwa vingine ambavyo kinga haijawahi kuviona, inavichukulia kama vya adui na inawasha moto mwili mzima. Hii iliwekwa wazi 2012. Ndo maana kumrudishia mtu dawa baada ya aleji ni hatari kuliko mara ya kwanza, askari wameshazoezwa, presha inaweza kuanguka ndani ya saa chache na watu wamekufa hivyo. Kwenye kadi ya yule kijana niliandika kwa wino mwekundu asipewe tena maisha yake yote.

Jinsi hicho kishimo kilivyo mahususi utaona kwa ndugu yake 57:03, aina ambayo ni ya kawaida zaidi kwa Waafrika. Inatofautiana na 57:01 sehemu mbili tu za protini, mbili, lakini haileti hii aleji. Kwa hiyo ukienda kupima angalia karatasi imeandikwaje. Nimewahi kuletewa jibu limeandikwa "B*57 chanya" basi, mgonjwa kashanyimwa dawa, tukarudisha sampuli ipimwe kwa kina ikatoka 57:03. Alinyimwa dawa nzuri bure. Jibu linalofaa lazima liwe na tarakimu zote nne.

Faida ya kipimo ilijaribiwa vizuri pia. Utafiti wa PREDICT-1, 2008, watu 1956 kwenye nchi 19, nusu walipimwa kwanza na wenye jeni hawakupewa abakaviri, nusu wakaanzishiwa kama kawaida. Aleji iliyothibitishwa kwa ngozi ilikuwa sifuri kwa waliopimwa, na asilimia 2.7 kwa wengine. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaweka onyo kwamba kila mtu apimwe kabla ya kuanza, bila kujali asili yake.

Ila usikitegemee zaidi ya uwezo wake. Katika watu wenye 57:01 wanaopewa abakaviri, karibu nusu tu ndo wanapata aleji, wengine wanameza salama, na jeni hii peke yake haikwambii uko nusu ipi. Bado anayeibeba hapewi, kwa sababu dawa mbadala zipo na hakuna sababu ya kurusha shilingi na uhai wa mtu. Na upande wa pili, kuwa hasi si ruhusa ya kupuuza dalili: kwenye PREDICT-1 hata waliopimwa, asilimia 3.4 walisimamishwa kwa kushukiwa aleji.

Pia si kila dawa ni ya ndiyo au hapana hivi. Efavirenzi kwa mfano, dawa nyingine ya VVU, inasagwa na kimeng'enya cha CYP2B6, na wenye nakala mbili dhaifu za jeni yake dawa inajaa kwenye damu, wanapata kizunguzungu, ndoto za kutisha, usingizi unapotea. Hao hawahitaji kukatazwa, mara nyingi wanahitaji dozi ndogo, miligramu 400 au hata 200 badala ya 600. Nakala dhaifu ziko nyingi Afrika lakini ziko kila bara, na hapahapa Afrika wengi hawana hizo mbili, kwa hiyo ukishusha dozi kwa "weusi wote" utawapunja wengi na virusi vitajifunza usugu.

Kwa hiyo wewe omba HLA-B*57:01 kabla ya kuanza, kinapimwa mara moja tu maisha yote, tunza ile karatasi pamoja na kadi yako. Ukishaanza, homa ikija na vipele au tumbo ndani ya hizo wiki sita, nenda kliniki siku hiyohiyo kabla ya dozi inayofuata na uwaambie kama dalili zinapanda ukimeza. Wakisimamisha kwa kushuku aleji, usiirudie abakaviri hata kama jibu la jeni lilikuwa hasi.